Mwaka Tuliopiga Lipu Shimoni

Zuhura alinipigia simu nikiwa nachambua maharage, akasema mama yake amefariki, na kabla sijapata hata neno la pole akaongeza kwamba marehemu ameacha wosia: aoshwe kwa maji ya Shimoni. Kifo chenyewe nilikuwa nimejiandaa nacho, maana Mama Zuhura alikuwa ameshakula chumvi nyingi na miguu ilimkataa tangu masika ya mwaka jana. Lakini maji ya Shimoni? Kwao Babati bomba liko uani, karibu na mlango wa jikoni. Mtu ana maji ya kufungua kwa mkono, anaenda kuchagua yale. Nilimwuliza Zuhura kama alisikia vizuri. "Tere," akaniambia, "alinifanya niyarudie maneno hayo mbele yake ndipo akaniachia mkono." Basi nikaacha maharage yangu kwenye ungo, nikafunga mkoba.

Mwaka mmoja tu nilikaa kwa Mama Zuhura, nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa niliyeshuka kutoka Mbulu, na habari za kwetu sitawachosha nazo. Zuhura alikuwa ameolewa Kondoa, chumba chake kikawa changu: kitanda cha kamba, sanduku la bati lisilofunga, na harufu ya iliki iliyotoka jikoni na kukaa kwenye shuka hata uzifue vipi. Mimi ni Mkatoliki, wao Waislamu wa duka na chai, na siku ya kwanza niliogopa hata kugusa sufuria. Mama Zuhura aliniona nikizubaa, akanisukumia bakuli la uji wa ulezi na kuniambia kwamba njaa haina dhehebu, nile upesi, kazi inasubiri. Kazi yenyewe haikuwa nyumbani. Ilikuwa chini ya ardhi, na hilo hakuna aliyenionya.

Nilidhani Shimoni ni mtaa. Nikabeba jiko la mkaa na beseni la maandazi, nikamfuata mama wa watu kuvuka mashamba ya upande wa Singe, jua linatuchoma utosini, vumbi mpaka magotini. Ghafla ardhi ikafunguka mbele yangu. Si shimo la kuchungulia kwa woga, la hasha. Ngazi za mawe, pana za kutosha wanawake wanne kupita bega kwa bega, zinashuka taratibu kati ya kuta mbili, kushuka na kushuka, na huko chini kabisa maji meusi yanameta. Nilisimama mdomo wazi. Walisema kisima kile kilichimbwa zamani na mfanyabiashara wa Kihindi ambaye kwao kulikuwa kukame, na huko kwao watu hujenga hivyo: badala ya kuyavuta maji yaje juu, mtu anayafuata kwa miguu yake. Ziwa la Babati lipo, ndiyo, lakini kutoka upande ule ni safari, na kurudi na ndoo kichwani ni safari ya pili.

Tuliposhuka hadi baraza ya kwanza nilihisi baridi inanipanda miguuni, nikadhani naumwa. Hapakuwa na ugonjwa. Jua halikufika kule ila saa ya adhuhuri, maji yalikuwa yakipoza hewa, na hewa baridi ni nzito, ikishatua chini haiondoki. Juu watu wanatafuta kivuli cha mwiba, chini sisi tunajifunga khanga mabegani. Ndiyo maana nusu ya wanawake wa Singe na Nangara walikuwa wanaishi mle mchana. Kulikuwa na baraza za mawe kila baada ya ngazi kadhaa, zimeezekwa kwa mabamba ya mawe, na watu walichambua mchele pale, walisukana, walinyonyesha, walisuluhishana na wakwe zao. Mahali pa kukaa palihama na maji. Masika maji yakipanda yalimeza ngazi za chini, sote tukapanda. Kiangazi yakishuka, tukayafuata baraza kwa baraza. Jiko la Mama Zuhura pekee halikuhama: lilikaa baraza ya juu kabisa, karibu na uwazi, kwa sababu moshi wa mkaa ukishuka kwenye hewa ile iliyolala, mtu anasinzia na haamki. Mimi ndiye niliyeshuka na birika na vikombe. Na kulikuwa na adabu zake: mwenye ndoo iliyojaa anapita upande wa ukuta, mwenye ndoo tupu anampisha, hata awe mke wa nani.

Mwisho wa ngazi, upande wa pili, kulikuwa na shimo la kusimama, wima kutoka juu mpaka kwenye maji yaleyale. Juu ya shimo hilo palikaa Baba Zuhura na kapi lake na kamba. Yeye ndiye aliyevuta maji ya ng'ombe, akiyamwaga kwenye hori la mawe, mtu mrefu mkimya, kofia yake ya kufuma imefifia rangi. Lile shimo lilipeleka sauti ajabu. Ukinong'ona kando ya maji, aliye kwenye kapi anasikia kama umekaa naye. Wanawake walisahau hilo kila siku, na kila siku Baba Zuhura alijua nani kagombana na nani, asiseme. Akirudi nyumbani, wakati tunakula ugali na kambale wa ziwani, Mama Zuhura alimbana amwambie alichosikia. Alikuwa akijibu, "Nimesikia maji tu." Mama Zuhura alikasirika kweli, na mimi nilicheka mpaka nikapaliwa na mwiba.

Nilifika Oktoba, mwezi wa kuchokonoa. Naomba mnielewe vizuri hapa, maana yote yaliyotokea yanatokana na hili. Kuta za Shimoni kule chini hazikuwa na udongo wala chokaa kati ya mawe. Mawe yalipangwa makavu, yakabanwa kwa uzito wake, na juu mihimili ya mawe ilipita kutoka ukuta hadi ukuta kuzuia kuta zisiinamiane. Maji yaliingia kwenye vile vipenyo vya katikati ya mawe, yakitoka kwenye ardhi yenyewe, yanachuruzika polepole. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya mvua, maji yakiwa yameshuka kabisa, wanawake walikaa kwenye ngazi zilizofunuliwa na kuchokonoa vile vipenyo, kila mtu na chombo chake: msumari, kijiti, Mama Zuhura na kijiko cha chai. Mizizi inatolewa, tope linatolewa, tope linapelekwa bustanini, halafu makande ya pamoja. Ukiuliza kwa nini, uliambiwa ndivyo kisima kinavyofanyiwa usafi. Hakuna aliyesema zaidi ya hapo, na sidhani kama kulikuwa na aliyejua zaidi ya hapo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuua magoti. Siku ya pili ya kuchokonoa, Mama Paulina, Mlutheri wa Sigino aliyekuwa mwenyekiti wetu wa kisima, alijinyoosha mgongo na kusema kwamba sisi ni wajinga, kila mwaka tunasafisha ukuta ambao ukipigwa lipu utajisafisha wenyewe. Kicheko kikapita. Halafu kicheko kikaisha na watu wakaanza kuwaza. Kanisani kulikuwa na saruji iliyobaki kwenye ujenzi. Msikitini kulikuwa na mchanga. Nani asingefurahi? Ndani ya wiki hiyo maji machache yaliyobaki yalikombwa, mafundi wakashuka, na ukuta wa chini wote ukapigwa lipu laini, na sakafu ya kisima nayo ikamwagwa zege ili ndoo zisitibue tope. Chini kulikuwa kweupe, kunang'aa, kunanukia upya. Sheikh aliomba dua, padri akanyunyiza maji ya baraka, maji ambayo, nikikumbuka leo, ndiyo yalikuwa mengi kuliko yote mle ndani. Mama Zuhura alipitisha kiganja ukutani akasema sasa hata mgeni wa heshima anaweza kuletwa hapa. Nilimwona Baba Zuhura akitikisa kichwa kwa kuridhika. Hapakuwa na hata mmoja aliyesita, si msomi, si asiyesoma, na hilo ndilo linaloniacha hoi mpaka leo.

Vuli ilinyesha. Chini kabisa yakasimama maji ya kifundo cha mguu, yale ya mvua yaliyotiririka kwenye ngazi. Tukasema vuli ilikuwa haba. Masika ikaja, na ile haikuwa haba hata kidogo: ziwa lilijaa, barabara ya Kondoa ilikatika, mahindi yalisimama kwenye maji. Kila asubuhi tulikwenda kutazama Shimoni, ambako kwa kawaida maji yangekuwa yamepanda mpaka karibu na baraza ya pili, na kila asubuhi tulikuta kidimbwi kilekile cha kifundo cha mguu, kijani, na vyura. Nilikuwa siamini macho yangu. Juu mvua inatupiga mgongoni, chini kisima kikavu. Watu walianza kusema maneno. Kuna waliosema kisima kimekasirika, kuna waliosema Mhindi alizika kitu kikachukuliwa, na wengi hawakusema, walibadili njia tu wakaenda ziwani. Ng'ombe hawakuja tena kwenye hori. Baraza zilibaki wazi. Nilikuwa napika chai ya birika zima na kurudi nayo jioni, nikaimwagia migomba.

Ndipo ukuta ulipoanza kutoka jasho. Kwanza madoa ya unyevu kwenye lipu, makubwa, yenye umbo la ramani. Halafu nyufa nyembamba, na kwenye nyufa matone. Ukuta unatoa matone na kisima hakina maji! Mtu mwingine angejiuliza. Sisi wenyeji wa nchi ya ndoo za bati tulikuwa na jibu moja tu kwa kitu kinachovuja. Mama Zuhura alishuka na kipande cha sabuni ya mche, akaisugua kwenye kila ufa mpaka ukaziba, vilevile tulivyoziba ndoo zetu miaka yote, na akarudi juu ameridhika kwamba ukuta wake haujaharibika. Nyuma ya ukuta ule, nyuma ya lipu, masika nzima ilikuwa imesimama kwenye udongo ikitafuta pa kupenya. Nimeshaeleza hili kwa watoto wangu na wanaona ni jambo la wazi kabisa. Mimi ninawatazama tu.

Nyumbani mazungumzo yakawa mafupi. Usiku mmoja, kupitia ukuta wa matofali mabichi, niliwasikia. Mama Zuhura alitaka wahamie Kondoa kwa binti yao, akisema hapa hapana kilichobaki, wewe huna kamba ya kuvuta na mimi sina wa kumpa chai. Baba Zuhura akajibu kwamba kisima kimeshuka, basi kitafuatwa. Atavunja sakafu na kuchimba zaidi. Alisema kwa utulivu uleule wa kila siku. Mama Zuhura hakumbishia, na nilimsikia akitabasamu, kama mtu anaweza kusikia tabasamu.

Baba Zuhura alishuka Juni, asubuhi, jua limetoka vizuri. Kwanza waliteremsha kibatari kwenye shimo la wima kupima hewa, kikawaka bila kutetemeka, tukasema kumekucha salama. Alishuka kwa ngazi na mtaimbo begani. Wanawake walikuwa wengi juu, Mama Paulina mbele, wamezunguka shimo na kuchungulia, maana habari ya kwamba Shimoni inafufuliwa ilishasambaa. Mimi na Mama Zuhura tulikuwa baraza ya pili na birika. Tulisikia mtaimbo unagonga zege. Unagonga, unanyamaza, unagonga. Halafu ukanyamaza kwa muda, na sauti yake ikaja kutoka kwenye shimo, ya chini, karibu kabisa.

"Mama Zuhura, maji yapo. Nayasikia hapa nyuma ya ukuta."

Mama Zuhura alinishika mkono. Sijawahi kuona furaha ya namna ile kwenye uso wa mtu mzima. Akasema alhamdulillah, na akaanza kumimina kikombe cha kumpelekea mumewe. Mtaimbo ukagonga tena.

Sauti iliyofuata niliisikia kwenye meno. Mlio mzito, mmoja, halafu mawe, halafu upepo baridi ukatupiga usoni kutoka chini na kurusha majivu ya mkaa uliokuwa juu. Halafu maji. Yalikuja yakipanda ngazi moja baada ya nyingine, ya kahawia, yanazunguka, yamebeba vipande vya lipu nyeupe na vyura wale. Hayakuwa na haraka. Yalimeza baraza ya nne, yakamwaga ungo uliosahauliwa baraza ya tatu. Na huko juu, wanawake waliokuwa wanachungulia kwenye shimo la wima hawakuona ngazi wala mtu, waliona maji tu yanawajia, maji tuliyoyaombea tangu Oktoba, wakapiga vigelegele.

Walipiga vigelegele. Nimeandika mara mbili kwa sababu mkono wangu nao hauamini. Mama Zuhura amesimama na kikombe cha chai, midomo inasema jina la mumewe bila sauti, na juu yetu watu wanashangilia, mwingine anaimba, mwingine anaita wenzake walete ndoo. Nilipanda ngazi nikipiga kelele wanyamaze na hawakunisikia. Ilibidi nimshike Mama Paulina kwenye khanga na kumtikisa. Kwenye sherehe ya kumuaga binti yangu mkubwa, walipoanza vigelegele nilitoka ukumbini nikasimama karibu na majiko mpaka wakaisha, na binti yangu alidhani namlilia yeye.

Wavuvi wa ziwani walikuja kuzamia, wakamtoa kabla ya jua kuzama. Mihimili ya juu ilikuwa imeshika. Kilichoanguka ni ukuta wa chini peke yake, pale alipokuwa. Alizikwa siku ileile kwa taratibu zao, na Mama Zuhura akaingia eda. Miezi minne na siku kumi hakutoka nyumbani. Nilimpikia makande, yakapoa, nikampikia mengine. Hakuongea kuhusu Shimoni, mimi sikuongea, na mjini hakuna aliyechota hata kikombe. Nani angekunywa? Maji yalikaa, yakatua tope lake, yakawa safi mpaka unaona ngazi zilizozama, na wanawake walipita mbali wakielekea ziwani bila kugeuza shingo. Mama Paulina alikuja mara moja kutoa pole, akakaa mkekani muda mrefu, akaondoka.

Siku eda ilipoisha ilikuwa Oktoba tena. Mama Zuhura alioga, akavaa, akaniambia nichukue kikombe na ndoo. Nilidhani tunakwenda makaburini. Akaongoza njia ya Singe. Waliotuona wakaanza kutufuata kwa mbali, na tulipofika ukingoni walikuwa wengi, wamesimama pale palepale waliposimama Juni. Alishuka akipita upande wa wazi, kama anavyotakiwa mwenye ndoo tupu. Nilimfuata karibu, nikidhani anataka kujitosa. Alipofika kwenye maji alichuchumaa, akachota kikombe, akanywa chote. Akachota cha pili, akanipa. Nilikunywa macho yamefumba. Yalikuwa matamu, Mungu anisamehe, yalikuwa matamu sana. Kisha akageuka akawatazama waliokuwa juu, na kwa kuwa Shimoni inabeba sauti, hakuhitaji kupaza.

"Mwenzenu alishuka kuyatafuta," alisema. "Ameyapata. Choteni."

Halafu Mama Paulina akavua viatu, akashuka, ndoo inagonga goti lake, akalia njia nzima, akachota. Wengine wakafuata. Mama Zuhura hakulia. Alitoa kijiko cha chai kutoka kwenye fundo la khanga yake na kuanza kubandua lipu iliyokuwa imebaki juu ya maji, kipande kwa kipande, na mimi nikaokota jiwe nikamsaidia. Baada ya siku chache nilirudi Mbulu.

Sasa nilikuwa ukingoni tena, mwanamke wa mvi, na Zuhura pembeni yangu ananishika kiwiko. Nilitegemea magofu. Nilikuta wasichana wamekaa baraza ya kwanza na simu zao, wananisalimia shikamoo bila kuinuka, mmoja anamwambia mwenzake kwamba huku ndiko kunapoa, nyumbani bati linawaka. Nilipowauliza kama wanajua habari ya mahali hapa, walisema wanajua kwamba kila Oktoba Bibi, yaani Mama Zuhura, alikuwa anawatoa majumbani kwa fimbo kuja kuchokonoa. Hata mwaka jana, miguu imeshamkataa, alibebwa kwenye kiti, akashushwa, akachokonoa. Kwa nini wanachokonoa? Wakatazamana. Mmoja akajibu kwamba ukuta ukizibwa unaua mtu. Alisema hivyo kama mtu anavyosema moto unaunguza.

Tulishuka. Chini mawe yalikuwa wazi, meusi, yaliyobomoka yamepangwa upya makavu. Zuhura akafungua mkoba wake, akanipa kijiko. Kilikuwa kimelika, kimebaki mpini na kipande kisichotosha hata kukorogea sukari. Alisema mama yake alitaka maji yale yatoke pale alipotolewa baba yake, na kwamba yeye hajui ni wapi, mimi ninajua. Nilijua. Nilipiga magoti, nikatafuta kipenyo kati ya mawe mawili, nikatoa mzizi mwembamba na tope kidogo, nikasubiri. Yakaanza kutoka, tone, tone, halafu uzi. Niliweka ndoo chini yake. Juu yetu wasichana walikuwa wamenyamaza, wanachungulia, na nilijikuta nawaomba Mungu na Mtume, wote kwa pamoja, wasije wakapiga vigelegele. Hawakupiga. Tulikaa pale, mimi na Zuhura, mpaka ndoo ikajaa, tukapanda nayo upande wa ukuta, na kila aliyekuwa anashuka alitupisha.